Kupima asidi ya siki shuleni: fenolfthalini kwanza, kipima pH baadaye

Zoezi la kupima asidi ya siki likipangwa, ubishi huanzia kwenye namna ya kuutambua mwisho wa titresheni. Mmoja anataka kiashiria cha rangi, mwingine anataka kipima pH kwa sababu kinatoa namba. Kwa maoni yangu ubishi huo umewahi mno. Katika maabara ndogo ya shule, kosa kubwa kuliko yote limekaa ndani ya chupa ya NaOH, na hakuna kiashiria wala kifaa kitakacholiondoa humo. Kwa siki nyeupe mimi nachagua bureti, fenolfthalini na siki iliyozimuliwa mara kumi, halafu muda uliookolewa utumike kupima nguvu halisi ya NaOH. Kipima pH nakiweka kwa siki yenye rangi nzito.

Tuanze na kuzimua. Siki ya asilimia 5 ina takriban moli 0.83 za asidi ya asetiki kwa lita. Ukichukua mililita 25 za siki hiyo bila kuzimua na kuipima kwa NaOH ya moli 0.1 kwa lita, utahitaji zaidi ya mililita 200, yaani kuijaza bureti mara nne au tano, na kila kujaza kunaongeza kosa la kusoma. Unaweza kupunguza siki hadi mililita 5, lakini ukizipima kwa silinda ya kupimia, kosa la mililita 0.1 tu tayari ni asilimia 2 ya jibu lako. Unaweza pia kutumia NaOH ya moli 1 kwa lita. Hesabu itakubali, ila hiyo ni alikali ya kuunguza macho na ngozi, na wanafunzi wataimimina kwenye bureti iliyo juu ya usawa wa nyuso zao. Ukizimua, matatizo yote matatu yanaondoka pamoja: pipeti ya mililita 25 ipeleke siki kwenye chupa ya ujazo ya mililita 250, jazia maji yaliyokenekwa hadi alama, funga kizibo, kisha pindua chupa juu chini mara kumi hivi. Watu huruka hatua hiyo ya kupindua. Ukiona sampuli mbili za chupa moja zinatofautiana kwa mililita nzima, anza kushuku hapo.

Sasa kiashiria. Hapa hakuna nafasi ya kuchagua kwa mapenzi, kwa sababu asidi ya asetiki ni dhaifu. Asidi yote inapokwisha kubadilishwa, kilichobaki kwenye chupa ya koni ni asetati ya sodiamu, na myeyusho wake una pH ya karibu 8.7. Fenolfthalini huanza kuonyesha waridi kwenye pH 8.2 au 8.3, yaani palepale panapotakiwa. Methili oranji hubadilika kati ya 3.1 na 4.4, na pH ya siki inaipita sehemu hiyo mapema sana. Kwenye titresheni inayopaswa kuishia mililita 22.30, methili oranji itaanza kugeuka baada ya matone ya mwanzo na itakuwa njano kamili karibu na mililita 7, wakati theluthi mbili ya asidi bado haijaguswa. Dalili yake ni rangi inayohama polepole bila tone moja la kuikata. Mwanafunzi akisema siki ina asilimia 1.5, muulize alitumia kiashiria gani kabla ya kumlaumu kwa hesabu.

Matone mawili au matatu ya fenolfthalini yanatosha. Weka karatasi nyeupe chini ya chupa ya koni. Karibu na mwisho, kila tone litaacha wingu la waridi linalochelewa kupotea ukitikisa. Hapo funga koki na uendelee kwa tone moja moja, ukisuuza kuta za chupa kwa maji yaliyokenekwa. Maji hayo hayaharibu jibu kwa sababu hayaongezi asidi wala alikali. Mwisho ni waridi hafifu linalodumu sekunde 30. Likipotea baada ya dakika mbili, usiongeze tone: hewa ina dioksidi ya kaboni, nayo inaila alikali. Waridi lililokolea kama juisi maana yake umepita, na sampuli hiyo imekwisha kazi.

Tufike kwenye chupa ya NaOH, ambako ndiko ningependa nguvu zielekezwe. Chembe za NaOH hunyonya unyevu tangu kifuniko kinapofunguliwa, hata zikawa zinang'aa na kunata kwenye kijiko. Kwa hiyo gramu 4.0 ulizopima kwa mizani si gramu 4.0 za NaOH, na lebo ya "0.1 M" unayobandika ni makisio. Njia ya kutoka ni kuipima NaOH hiyo kwa asidi ngumu iliyo safi na unayoweza kuiamini uzito wake. Asidi ya oksaliki yenye maji mawili ya fuwele, H₂C₂O₄·2H₂O, inatosha. Usiikaushe kwenye oveni, kwa sababu itapoteza maji ya fuwele na uzito wa moli hautakuwa tena 126.07. Ni sumu, hivyo pipeti ivutwe kwa mpira wake, kamwe si kwa mdomo.

Tuchukue mfano kamili. Pima gramu 1.576 za asidi ya oksaliki, yeyusha, kisha fikisha mililita 250: umepata moli 0.0500 kwa lita. Mililita 25 za myeyusho huo zina moli 0.00125, na kwa kuwa kila moli ya asidi hii inamaliza moli mbili za NaOH, zitahitaji moli 0.00250. Tuseme bureti imeonyesha mililita 26.60 hadi waridi. Gawanya 0.00250 kwa lita 0.02660: NaOH yako ni moli 0.0940 kwa lita, si 0.1.

Kisha siki. Mililita 25 za siki iliyozimuliwa zimetumia mililita 22.30 za NaOH hiyohiyo.

```
0.0940 × 0.02230 = 0.002096 mol
0.002096 ÷ 0.02500 = 0.0838 mol/L
0.0838 × 10 = 0.838 mol/L
0.838 × 60.05 = 50.3 g/L
```

Gramu 50.3 kwa lita ni gramu 5.03 katika kila mililita 100. Kama lebo inasema asilimia 5, siki na lebo vinakubaliana. Rudia hesabu kwa kuamini lebo ya "0.1 M" nawe utapata gramu 5.36. Tofauti hiyo, kama 0.3, imetokana na NaOH peke yake. Linganisha na kosa la jicho: tone moja la bureti ni takriban mililita 0.05, na tone moja zaidi lingelisogeza jibu kwa 0.01 tu. Kununua kifaa cha kutambua mwisho kwa usahihi zaidi huku NaOH haijapimwa ni kuziba tundu la sindano na kuacha mlango wazi.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wenye uzoefu. NaOH iliyokaa hugeuka kwa sehemu kuwa kabonati ya sodiamu kwa sababu ya dioksidi ya kaboni ya hewani. Ukiipima kwa asidi ya hidrokloriki na methili oranji, kabonati hiyo itahesabiwa yote. Ukiitumia baadaye kwenye siki na fenolfthalini, itahesabika nusu tu, maana kwenye pH hiyo inaishia kuwa bikabonati. Matokeo yake NaOH inaonekana kali kuliko inavyofanya kazi, na siki nayo inaonekana kali kuliko ilivyo. Ndiyo maana nasisitiza fenolfthalini hatua zote mbili, tena siku ileile. Kwa sababu hiyohiyo siipendi njia ya kuweka siki kwenye bureti na NaOH kwenye chupa ya koni: alikali inakaa wazi hewani, na jicho linalazimika kuwinda rangi inayopotea badala ya inayotokea.

Siki ya rangi nzito ndiyo inayobadilisha uamuzi wangu. Waridi juu ya kahawia linaonekana kama chungwa chafu, na wanafunzi watatu watasimama kwenye namba tatu. Jaribu kwanza kuizimua zaidi, mililita 10 hadi 250, na uweke pembeni chupa ya pili ya sampuli ileile isiyo na kiashiria ili jicho lipate cha kulinganisha. Ikishindikana, chukua kipima pH. Usijaribu kuisafisha rangi kwa mkaa: mkaa hushika asidi ya asetiki pamoja na rangi, na utakuwa umeitupa sehemu ya kile unachokipima.

Kipima pH kina masharti yake. Kirekebishe kwa bafa za 4.00 na 7.00, suuza elektrodi kila unapohamisha, na uiache itulie sekunde 20 hadi 30 kabla ya kuandika. Ongeza mililita 2 kwa mara mwanzoni, halafu mililita 0.2 ukikaribia mwisho. Kwa NaOH na siki za mfano wetu, kama ingekuwa siki nyeusi ya nguvu ileile, ungeona karibu 6.5 kwenye mililita 21.90, 6.8 kwenye 22.10, 8.7 kwenye 22.30 na 10.6 kwenye 22.50. Mwisho ni pale mruko ulipo mkali kuliko kwingine, hivyo hata kifaa kinachosoma juu au chini kwa 0.2 kitakupa ujazo uleule. Hapo kipima pH kinastahili sifa.

Ila kitazame nusu ya njia. Kwenye mililita 11.15, nusu ya asidi imebadilishwa, na pH inapaswa kuwa karibu 4.76. Ikisoma 5.3, elektrodi imekauka au bafa zimeharibika. Ilowekwe kwenye myeyusho wa kloridi ya potasiamu wa moli 3 kwa lita, si kwenye maji matupu, kisha irekebishwe upya kabla ya kuchora mchoro. Na kama siki hiyo ni ya matunda, andika matokeo kuwa ni asidi yote iliyohesabiwa kama asidi ya asetiki, kwa sababu NaOH haibagui: asidi ya maliki na ya tatariki zilizomo nazo zimepimwa.