Ngisi wa kukaanga: dakika moja, au dakika arobaini?

"Jamani ngisi anakaangwa dakika moja tu au anachemshwa kwanza? Wangu kila siku anatoka raba, watoto wanatafuna mpaka wanachoka."

Dada yangu, raba inakaa katikati. Ringi ya ngisi ni laini kama dakika moja hadi mbili za mwanzo kwenye mafuta ya moto, halafu inakaza, na ukiendelea kuipika taratibu kwenye majimaji nusu saa, dakika arobaini, inalainika tena. Kwahiyo wanaosema haraka na wanaosema achemshwe kwanza wote wana hoja, ila siku hizi hawa wa kuchemsha wanachekwa sana, eti ushamba, eti hotelini hawafanyi hivyo. Mi naona wanaonewa.

Upande wa haraka kwanza. Ngisi mdogo, nyama nyembamba, umemtoa wino na kile kijiti cha ndani kama plastiki, umemmenya ngozi, ukamkausha na kitambaa, ukampitisha kwenye unga wenye chumvi na pilipili manga, akaingia kwenye mafuta ya nyuzi 180 na kutoka hajamaliza dakika mbili: hapo hana mpinzani, nje anakatika kwa kelele ndani ana utamu wa bahari. Kumchemsha huyo ni kumharibu, sibishi.

Shida ni kwamba dakika moja ya hotelini sio dakika moja ya kwetu. Kule kuna mafuta lita kibao na moto mkubwa, ukitupia ringi mafuta hayashtuki. Nyumbani una karai, mafuta nusu lita, jiko la mkaa ambalo hujui limeshika vipi, na ngisi katoka kwenye friza bado ana maji. Unatupia ringi ishirini kwa mpigo kwasababu wageni wanasubiri. Hapo mafuta yanapoa, ngisi anamwaga maji yake, na ukisikiliza ule mlio mkali wa kukaanga unashuka unakuwa kama kitu kinatokota, ndo ujue hukaangi tena, unachemsha ndani ya mafuta. Unga haubadiliki rangi, unasema ngoja kidogo, inafika dakika ya tano ya sita, rangi imekuja na raba imekuja. Yani mtu anaapa kabisa kakaanga haraka! Nusu ya raba ninazokutana nazo zinatoka hapo, na dawa yake ni kutupia ringi tano sita tu kwa zamu na kusubiri mafuta yapate moto tena, kitu ambacho sijaona mtu mwenye wageni sebuleni anakifanya.

Anayechemsha hana presha hiyo. Ringi zinaingia sufuriani na maji kidogo, chumvi, kitunguu saumu na tangawizi, moto mdogo, mfuniko. Dakika ya kumi ukionja utakata tamaa, ni ngumu kuliko ulivyoanza, na wengi wanaishia hapo wakisema njia hii haifanyi kazi. Vumilia. Ile mishipa myeupe inayofunga nyama ndo kwanza imejikunja ikaikamua, ikikaa kwenye joto na maji inaanza kuyeyuka, ni kilekile kinachofanya supu ya makongoro igande ikipoa. Kuanzia dakika ya thelathini choma na uma, ukiingia bila kubishana umemaliza. Chuja, acha ipoe, kausha vizuri sana (ikiwa na maji mafuta yatakurukia usoni), unga, halafu mafuta ya moto kwa dakika moja kutafuta rangi tu. Hata mafuta yakipoa kidogo, ulaini ulishaupata kwenye sufuria.

Ila wasikudanganye kwamba unaweza kumwacha tu kwenye mafuta makali nusu saa alainike. Kulainika kunataka maji, na mafuta ya moto yanayafukuza, utatoa kitu kama ngisi mkavu na unga umeungua. Kuna wanaompika kwenye mafuta ya uvuguvugu, mapovu madogo madogo, inakubali, lakini mafuta ni mengi na unga bado unaupaka mwishoni, sasa si bora maji.

Kinachouma ni kusinyaa. Mara ya mwisho nilipima kilo ya ringi safi, baada ya sufuria ilibaki zaidi kidogo ya nusu, na ringi iliyokuwa inaingia vidole viwili ikawa inaingia kimoja. Kama unauza sahani hiyo ni hasara ya wazi, na nadhani ndo sababu kubwa mahotelini wanashikilia dakika moja. Kwa kula nyumbani kata ringi nene zaidi, na ngisi mkubwa au dome mwenye nyama nene usimjaribu haraka kabisa.

Hayo maji ya kuchemshia utamu mwingi umehamia humo, yapikie wali.