Mlango wa sebule ukishafungwa: msimulizi wa "mimi" na maswali ya ufahamu

"Shikamoo kaka. Niko fomu foo hapa Moshi. Mwalimu wa shule anasema stori ikisimuliwa na 'mimi' tunajua anachokijua yeye tu, tusiongeze kitu. Wa twisheni anasema tusome hata ambacho msimulizi hajakisema. Kwenye pepa nimfuate nani?"

Marahaba mdogo wangu. Wa shule yuko sahihi kwenye aina moja ya maswali, wa twisheni yuko sahihi kwenye aina nyingine, na shida inaanza pale pepa inapozichanganya zote mbili chini ya kifungu kimoja alafu we umeshajiapiza utafuata kanuni moja tu. Wacha tushike kifungu mkononi maana bila kifungu tutabaki kuelea. Nimekitunga mwenyewe, cha huku huku kwetu, na kihamba utakachokikuta humo ni shamba la ukoo:

"Nilikuwa darasa la tano. Siku hiyo nilikuwa jikoni namenya ndizi za mtori baba mdogo alipofika kutoka Arusha. Hakunisalimia. Alipita moja kwa moja sebuleni alikokuwa baba, mlango ukafungwa. Nilimsikia baba akisema, 'Kihamba hakiuzwi,' kisha kimya kirefu. Baba mdogo alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, nikajua amelewa tena. Alinishika mkono, akanipa noti ya elfu kumi na kuniambia nisome kwa bidii. Nilifurahi sana, maana tangu asubuhi nilikuwa natafuta hela ya daftari. Hatukumwona tena mpaka siku ya msiba."

Sasa angalia mlango. Ule mlango ndo usimulizi wa nafsi ya kwanza wenyewe, yaani mtoto yuko jikoni na sisi tuko naye jikoni, hatuna pa kupita. Ingekuwa ni msimulizi wa nafsi ya tatu anayejua yote angeweza kutuingiza sebuleni tukaona nani alisimama nani alikaa, na baba mdogo aliwaza nini kwenye ule ukimya. Hapa tumepata sentensi moja tu ya baba iliyopenya mlangoni, maneno mawili, basi. Baba mdogo hatujamsikia akisema neno hata moja mle ndani.

Kwa hiyo swali likija "Baba mdogo alikuja kufanya nini?" wanafunzi wengi wanaandika "Alikuja kudai kihamba kiuzwe." Mwalimu wako wa shule atakata maksi na mi namuunga mkono kabisa. Huenda alikuja kuomba hela ya shida nyingine na kuuza kihamba ikatajwa kama njia. Huenda alileta ujumbe wa mnunuzi, au huenda baba ndo aliyeanzisha hayo maneno. Tunachokijua ni kwamba kuna mtu mle ndani aligusia kuuza kihamba na baba akakataa, maana mtu hasemi "hakiuzwi" bila kuuza kutajwa. Andika hivi: "Kifungu hakisemi wazi sababu ya ujio wake, ila kauli ya baba aliyoisikia msimulizi inaashiria kwamba walizungumzia kuuza kihamba." Hilo jibu halijakwepa swali, limesema linachokijua na limesema limekijua kwa njia gani.

Ila mwalimu wa shule akiishia hapo anakuacha na mtego mbaya zaidi, na huu ndo nataka tukae nao. Kama kanuni ni "tunajua anachokijua msimulizi", basi baba mdogo alikuwa amelewa, si ndiyo? Msimulizi kasema "nikajua". Hapana. Kwa Kiswahili chetu "nikajua" mara nyingi ni neno la mtu aliyekata shauri kichwani mwake, haina maana kwamba jambo limethibitika. Nikikwambia "nilikuona na mwavuli nikajua unaenda sokoni" nimekueleza nilichowaza mimi, we unaweza kuwa ulikuwa unaenda hospitali. Mtoto kaona kitu kimoja, macho mekundu. Kulewa kakiongeza yeye, na ile "tena" inatuonesha kakitoa wapi, kwamba nyumbani kwao baba mdogo anajulikana kwa pombe kwa hiyo mtoto alikuwa na jibu mfukoni hata kabla ya mlango kufunguliwa.

Hapo ndo mwalimu wa twisheni anaingia na haki yake. Macho yanakuwa mekundu kwa pombe, kwa kulia, kwa kukesha, kwa vumbi la safari. Sisi tunayaona baada ya kukataliwa na baada ya ukimya mrefu, tena baba mdogo kamshika mtoto mkono, yaani alisimama karibu kabisa, na mtoto hataji harufu ya pombe wala kuyumba. Mtu mzima anayesoma hii atasema huyu bwana alikuwa analia. Msomaji hapa anajua zaidi ya msimulizi kwa kutumia vitu vile vile alivyovileta msimulizi. Inawezekana kwa sababu mwandishi na msimulizi ni watu wawili: mwandishi ndo kaweka macho mekundu mahali pale kwenye stori, mtoto kayapa jina tu.

Lakini na mwalimu wa twisheni nae ana hatari yake, tena naiona sana kwa wanafunzi wazuri. Ukishamwonjesha mtu utamu wa kusoma kati ya mistari anaanza kuandika "Baba mdogo alikuwa analia" kama vile alikuwepo, wakati kifungu hakijasema alilia. Harufu kutotajwa inasaidia hoja ila haithibitishi, pengine harufu ilikuwepo na mtoto hakuitaja. Tumemtoa mtoto kwenye kiti cha hakimu tukakaa sisi na kosa lile lile. Jibu la swali "Je, baba mdogo alikuwa amelewa? Thibitisha kutoka kwenye kifungu" liwe namna hii: "Msimulizi anaamini alikuwa amelewa kwa sababu ya macho mekundu. Hata hivyo dalili hiyo pekee haitoshi, kwani inakuja baada ya mazungumzo mazito na kimya kirefu, hivyo inawezekana alikuwa amelia." Sentensi mbili, kila moja ina kazi yake. Ya kwanza inaweka dai mdomoni mwa mwenye dai, ya pili inaleta ushahidi wa upande mwingine bila kuapa.

Ujanja ninaowaambia vijana ninaowafundisha Majengo ni wa kalamu tu, hauhitaji kukariri chochote. Chukua kifungu chako, kila sentensi jiulize huyu "mimi" kaipata wapi: kaiona au kaisikia mwenyewe, kaambiwa, au kaikisia? Alichoona na kusikia pigia mstari. Alichokisia zungushia duara. Kwenye kifungu chetu mistari itakuwa mingi na duara la maana moja tu, "amelewa tena", na hilo duara ndo karibu hakika litatungiwa swali, maana mtunga swali anatafuta pale ambapo mwanafunzi atachanganya vitu viwili.

Kuna kizuizi cha tatu ambacho walimu wote wawili hawakukigusa, na kwenye kifungu hiki kiko sentensi ya mwisho. "Hatukumwona tena mpaka siku ya msiba." Msiba wa nani? Wanafunzi wanajibu haraka "baba mdogo alifariki." Sentensi haijasema hivyo, anaweza kuwa ni baba aliyefariki, au bibi, na baba mdogo akaja kuzika kama wengine, na kwa kweli kumwona mtu siku ya msiba ukiisoma kawaida kawaida ni kwamba alikuja akiwa hai. Lakini safari hii hatujui kwa sababu tofauti na ile ya mlango. Mlangoni mtoto hakujua kwa hiyo na sisi hatukujua, hapa anayesimulia anajua fika ni msiba wa nani, hajatuambia tu. Maana msimulizi wa "mimi" anakuwaga wawili kwenye mwili mmoja, yupo yule wa darasa la tano aliyekuwa anamenya ndizi, na yupo aliyekua akageuka nyuma kusimulia. Maneno "nilikuwa darasa la tano" na "hatukumwona tena" ni ya huyu wa pili, wakati "nikajua amelewa" ni ya yule wa kwanza. Swali likiuliza "msimulizi anajua nini" angalia linamuulizia yupi, wa wakati wa tukio au wa wakati wa kusimulia.

Sasa kwenye kuchagua upande. Soma kitenzi cha swali kabla ya kumchagua mwalimu. Likisema "kwa mujibu wa kifungu", "taja", au la kuchagua linalosema ipi ni kweli, mfuate wa shule, kaa ndani ya mistari uliyopiga. Kwenye la kuchagua hasa, chaguo "Baba mdogo alikuwa amelewa" na chaguo "Msimulizi alidhani baba mdogo amelewa" yanaweza kukaa jirani kabisa, na sahihi ni la pili. Likisema "unadhani", "inaashiria nini", "mwandishi ametumiaje usimulizi wa nafsi ya kwanza", mfuate wa twisheni, hapo ukibaki kurudia aliyoyasema mtoto umekosa. Kama ningelazimika kumpa mwanafunzi mmoja tu ningempa wa shule aanze nae, kwa sababu anayejua ukuta ulipo anaweza kufundishwa kuchungulia, ila aliyezoea kubuni ni kazi kumrudisha.

Na usikimbilie kuandika "msimulizi haaminiki" eti kwa sababu huenda kakosea kwenye macho. Mtoto huyu hajadanganya. Kutoaminika kunahitaji zaidi, mfano stori ijipinge yenyewe, aseme hakuwepo alafu aeleze rangi ya shati, au kila mhusika mwingine aseme tofauti na yeye. Kwenye aya moja kama hii andika "uelewa wake una mipaka kutokana na umri wake" inatosha, maana ushahidi wa zaidi ya hapo haupo.

Nimekuachia ile noti ya elfu kumi, na nadhani ndo swali gumu kuliko yote: "Kwa nini baba mdogo alimpa msimulizi fedha?" Mtoto hata hajalijiuliza, kawaza daftari lake kafurahi. Mwanafunzi wangu mmoja alisema ni hongo ili mtoto asiseme alichosikia, mwingine akasema ni kuaga. Hongo nimeikataa kwa sababu hakuna neno lolote la kumnyamazisha, aliambiwa asome kwa bidii. Kuaga nimeikubali, ila nikamwambia aifunge kwenye ushahidi, akaandika: "Msimulizi hatoi sababu. Kwa kuwa maneno ya baba mdogo ni ya usia na hakuonekana tena mpaka siku ya msiba, huenda alikuwa anaaga, jambo ambalo msimulizi hakulitambua wakati ule kwa sababu ya furaha ya kupata hela." Nilimpa maksi zote.