Doti saba za pembetatu moja

Shule yetu ilikuwa na siku ya wazazi, nikajitia kimbelembele: nitatengeneza tufe kubwa la kufundishia. Nililisuka kwa waya, nikabandika magazeti kwa uji wa ngano, likatoka na nusukipenyo cha nusu mita. Halikupita mlangoni mwa darasa, lakini hicho ni kisa kingine.

Nilichora juu yake pembetatu moja: kutoka kileleni mistari miwili inashuka hadi kwenye ikweta, imeachana robo ya mzunguko. Kila kona ina nyuzi 90, jumla 270. Kwenye karatasi bapa jumla ni 180 tu, kwa hiyo ziada ni 90. Kanuni aliyoichapisha Albert Girard mwaka 1629 haina makeke: eneo ni ziada hiyo mara nusukipenyo mara nusukipenyo. Nami nilitaka kuivisha pembetatu yangu khanga, wazazi waione toka mbali.

Nikapiga hesabu nikiwa nimesimama: 90 × 0.5 × 0.5 = 22.5. Mita za mraba ishirini na mbili na nusu! Doti moja ni kama 3.3, basi doti saba.

Mama wa dukani akaniuliza, "Harusi lini, mwanangu?"

"Ni ya pembetatu, mama."

Akanitazama kwa huruma, akanipunguzia elfu mbili.

Fundi cherehani ndiye aliyeniumbua. Alilizunguka tufe kwa futikamba, akarusha doti moja juu yake. Tufe zima likapotea ndani, kama bibi aliyejifunika ushungi.

"Mwalimu, hizi sita nyingine ni za nani?"

Nilikaa kwenye kigoda. Uso wa tufe zima ni 4 × π × 0.25, yaani mita za mraba 3.14. Mimi kipande kimoja nilikipa mara saba ya mwili wote! Ziada inatakiwa iwe kwa radiani, si nyuzi. Nyuzi 90 ni π/2, yaani 1.5708, mara 0.25 unapata 0.39. Na hata bila kikokotoo ningejua: kata chungwa katikati, kisha kila nusu vipande vinne. Pembetatu yangu ni ganda la kipande kimoja kati ya vinane, na 3.14 ukigawa kwa 8 ni hiyo hiyo 0.39. Miaka tisa nawachapa vijana alama kwa kosa hili.

Nikazirudisha doti sita dukani. Nikaoneshwa kibao ukutani: mali ikiuzwa hairudi.

Siku ya wazazi ilipofika, mama watoto, mama mkwe na mawifi wanne walijipanga mstari wa mbele, sare moja na tufe. Mkuu wa shule akawapa pole, akidhani tumefiwa.