Luku moja, vyumba sita

Jamani, hii luku ya kuchangia itatupa presha! Tumehamia Mbagala kutoka Ludewa, mimi, mke wangu, watoto na mama. Kule taa ni ya sola na kuni tunaokota. Hapa nyumba ina vyumba sita na mita moja, na kila mpangaji ni askari wa umeme wa mwenzake.

Juzi mama kaamka alfajiri kapiga pasi sare za wajukuu. Jirani, kijana wa kumzaa kabisa, akagonga mlango, hata shikamoo hakuna: "Mama, mwenye pasi hapa anaongeza elfu tano." Mama wa watu akaduwaa. Kijijini ukigongewa saa hizo ujue kuna msiba.

Kinachoniudhi zaidi ni hesabu yenyewe. Bei nafuu ya umeme wa nyumbani inaishia uniti 75 kwa mwezi, kwa mita. Familia moja yenye taa na redio haifiki huko. Vyumba sita vyenye friji mbili tunazimaliza mapema, tunaangukia bei inayozidi mara mbili. Kwa hiyo mwenye balbu moja naye anagharamia friji ya chumba cha mbele, inayogandisha barafu za kuuza! Ukimwomba mwenye nyumba aruhusu mita ndogo kila chumba, jibu ni "kajenge kwako".

Na mama naye keshabadilika. Jana nimemkuta koridoni anachungulia chini ya milango ya watu, anahesabu nani kalala na taa.