Robo ya mtu ni saa ngapi?

Chukua timu ya watu watano. Mmoja yupo muda wote, wawili wamegawanywa nusu kwa nusu na mradi mwingine, wa nne ana mkataba wa saa 20 kwa wiki, na wa tano ameazimwa kwa asilimia 25. Kwa awamu ya wiki mbili, wa muda wote akiwa na saa 80, asilimia zao zinafika 275, yaani saa 220. Hesabu haina kosa, ila ukiahidi kazi za saa 220 utakwama.

Kwanza, vikao havigawanyiki. Vikiwa vya saa 6 kwa awamu, wa muda wote anatoa 6 katika 80, lakini wa robo anatoa 6 katika 20, karibu theluthi ya muda wake. Timu nzima inabaki na saa 190.

Wanaotetea kupanga kwa asilimia wana hoja ya kweli: ukiiweka miradi yote kwenye jedwali moja, unamwona mara moja mtu ambaye mameneja watatu wamemgawana hadi asilimia 120. (Mara nyingi kila mmoja wao anaamini ndiye mwenye haki.) Lakini asilimia haisemi saa hizo ni za lini. Tuseme mwandaaji yupo Jumatatu na Jumanne, mhakiki Alhamisi na Ijumaa. Kazi iliyokamilika Jumanne jioni inahakikiwa Alhamisi, inarekebishwa Jumatatu inayofuata, inahakikiwa tena Alhamisi. Kazi ya saa nane hivi imeishia siku ya tisa kati ya kumi. Hapo kuongeza saa hakusaidii. Kinachosaidia ni wawili hao kukutana kazini walau nusu siku kila wiki.

Ndiyo maana wengine hupanga kwa siku kamili. Kwa mwenye mkataba wa saa 20 njia hii inafaa sana, kwa sababu siku zake hazigombewi na mtu. Kwa aliyegawanywa ni ngumu zaidi: dharura ikizuka kwenye mradi wa pili, siku ya mradi wako ndiyo inayomegwa kwanza. Dalili yake ni kwamba anahudhuria vikao vyote, ila kazi yake inabaki "inaendelea" awamu baada ya awamu.

Kwa maoni yetu, asilimia zitumike kugawana watu kati ya miradi, na siku zitumike kupanga kazi ndani ya timu. Aliyegawanywa apewe vipande visivyopungua nusu siku, na kazi ambazo wengine hawazisubiri. Wa robo asihesabiwe kabisa kwenye uwezo wa timu. Awe mshauri, ahudhurie kikao kimoja tu. Kisha linganisha na awamu tatu zilizopita: kama mlipanga saa 190 na kazi zilizokamilika zilikadiriwa saa 150, panga 150, na uanze hesabu upya mgao wa mtu yeyote unapobadilika.