Oili Chafu Si Dawa ya Punda

Tembea Kisauni asubuhi utawaona: punda wa maji wana kiraka cheusi kifuani kinachong'aa, na ukiuliza unajibiwa kwa fahari, "Hiyo ni dawa, bwana." Dawa gani? Ni oili chafu ya gari iliyopakwa kwenye kidonda. Inafukuza nzi, hilo nalikubali shingo upande. Lakini inachoma nyama mbichi, inanasa vumbi, na kesho mkanda uleule wa kuvutia mkokoteni unarudi palepale.

Kidonda hicho kimetoka kwenye mkanda. Kamba ya nailoni au kipande cha tairi, upana wa vidole viwili, kinavuta mitungi 12 ya lita 20. Hizo ni kilo 240 za maji, na mkokoteni haujahesabiwa. Punda mwenye kilo 150 asivute zaidi ya kilo 300, mkokoteni ndani yake, tena kwenye lami tambarare. Kwa hiyo mitungi 10 inatosha, na kwenye mchanga ipunguze tena.

Mkanda wa kifua uwe wa turubai, upana wa sentimita 7 au 8, ndani umeshonewa blanketi kuukuu la pamba. Ukae chini ya koo na juu ya ncha ya bega. Usuuze kila jioni, kwa sababu jasho likikauka chumvi yake hukwaruza kama msasa. Ukimvua punda aliyelowa jasho ukaona sehemu moja kavu chini ya mkanda, hapo panabanwa sana. Rekebisha kabla ngozi haijachunika.

Na hili wengi hawalioni: jinsi unavyouza maji. Mkokoteni wa magurudumu mawili ni mizani. Ukishusha mitungi ya nyuma peke yake, uzito unamlalia mgongoni. Ukianza na ya mbele, mikono ya mkokoteni inanyanyuka na mkanda wa tumbo unamkata. Shusha mmoja mbele, mmoja nyuma. Inua mikono ya mkokoteni kwa mkono wako: iwe na uzito mdogo tu.

Kwato zichokolewe kila siku, kutoka kisiginoni kwenda mbele, na zikatwe kila wiki 6 hadi 8. Chakula kikuu ni nyasi kavu, si pumba, wala si jaa la taka lenye mifuko ya plastiki. Na mpe maji kabla ya kumfunga. Ni aibu avute kisima kizima akiwa na kiu.

Aliyekwisha umia? Chemsha maji, yapoe, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, osha mara mbili kwa siku. Kwa nzi, paka mafuta ya mwarobaini pembeni, si ndani ya kidonda. Kisha apumzike. Najua, siku bila punda ni siku bila unga. Lakini kidonda kibichi kikirudishwa chini ya mkanda kinachimbika, na siku 10 za kupumzika zinakuwa miezi. Asifungwe mpaka ngozi izibe na manyoya yaanze kuota. Yakiota meupe, ujue ngozi ilibanwa hadi ndani. Mnunuzi mjanja huangalia hapo kabla ya meno.