Odi ya 4-0 na hofu ya anayeipanga

"Odi ya 4-0 wameweka 47, ushindi wa kawaida 2.03 tu. Sasa nyie mnaosema kwenye matokeo sahihi ndiko tunakokatwa zaidi, mnapimaje? Na kama ni kweli, huo si wizi?"

Kupima ni rahisi. Chukua 1, igawe kwa kila odi ya soko zima, kisha jumlisha. Tuseme nyumbani ni 2.03, sare 3.66, ugenini 3.40. Unapata 0.493, 0.273 na 0.294, jumla 1.06. Soko lisilo na makato lingetoa 1.00 kamili, kwa hiyo hiyo 0.06 iliyozidi ndiyo fungu la kampuni. Katika kila shilingi 100 zinazowekwa, zinazorudi kwa wachezaji kwa wastani ni kama 94. Rudia hesabu hiyo kwenye matokeo sahihi ya mechi ileile, yaani soko la kutabiri mabao kamili ya kila timu, kuanzia 0-0 hadi chaguo la mwisho la "matokeo mengine", na mara nyingi utavuka 1.20. Kukuta 1.30 si ajabu, na hapo zinarudi 77.

Pengo hilo ni kubwa na sitalipunguza. Ila neno wizi linafunika jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kulitazama, yaani kazi ya mtu anayepanga odi hizo.

Mtu huyo haanzi na 4-0. Anaanza na makadirio mawili: timu ya nyumbani inatarajiwa kufunga mabao mangapi kwa wastani, na ya ugenini mangapi. Tuseme ameona 1.5 kwa 1.1. Kutoka hapo kanuni ya Puasoni, hesabu inayogeuza wastani kuwa uwezekano wa kila idadi ya mabao, inampa kila kitu: nyumbani kushinda asilimia 46.4, 1-1 asilimia 12.3, na 4-0 asilimia 1.57, yaani mara moja katika mechi 64 hivi. Odi ya haki ya 4-0 ni 64.

Sasa tuseme amekosea kidogo. Beki wa kati wa wageni ameumia mazoezini na habari haijamfikia, hivyo wastani wa kweli wa wenyeji ni 1.7 badala ya 1.5. Kosa la sehemu mbili za kumi za bao. Uwezekano wa wenyeji kushinda unapanda kutoka asilimia 46.4 hadi 51.4. Kwa odi ya 2.03, kampuni inapoteza kama shilingi 4 kwa kila 100 zilizowekwa upande huo. Inauma, lakini inavumilika.

Tazama 4-0. Uwezekano wake unaruka kutoka asilimia 1.57 hadi 2.12, ongezeko la zaidi ya theluthi, kwa sababu ule wastani unajizidisha wenyewe mara nne, bao moja baada ya jingine. Kama angeweka makato yaleyale ya asilimia 6, odi yake ingekuwa 60. Mwenye habari ya beki angeinunua na kampuni ingepoteza shilingi 27 kwa kila 100. Ili kosa hilohilo lisimpe hasara, ilimpasa ashushe odi kutoka 64 hadi 47 tangu mwanzo. Ni 47 uliyoiona wewe. Kinachoonekana kuwa tamaa ya kampuni, kwa sehemu kubwa, ni bei ya kutojua sehemu mbili za kumi za bao.

Na kanuni yenyewe ina kasoro. Mwaka 1997 wanatakwimu wawili wa Uingereza, Mark Dixon na Stuart Coles, walionyesha kwa mechi za Kiingereza kwamba Puasoni ya kawaida, inayochukulia kwamba mabao ya timu moja hayahusiani na ya nyingine, inazipa 0-0 na 1-1 uwezekano mdogo kuliko inavyotokea uwanjani, na kuzipa 1-0 na 0-1 mkubwa mno. Kwenye soko la ushindi, sare na kipigo, makosa hayo yanachanganyika na matokeo mengine mengi na uzito wake unapungua kwa kiasi. Kwenye tokeo moja moja hayana pa kujificha. Halafu kuna mechi zilizopangwa: anayejua mechi imeuzwa na itaisha 3-0 haendi kununua ushindi wa 2.03.

Upande wa pili una hoja yake, na ni ya kweli. Bei ya ushindi, sare na kipigo kila mtu anailinganisha kati ya kampuni na kampuni, hivyo ushindani unaibana. Bei ya 3-1 hakuna anayeilinganisha. Ni nani anayejua kwa jicho tu kama 21 ni nzuri kuliko 17? Odi ikiwa kubwa tunaridhika nayo, na kampuni inajua. Ushahidi ulio wazi zaidi uko kwenye soko la kubadilishana la Betfair, ambako wachezaji wanapangiana odi wao kwa wao na mwenye soko anakata kamisheni kwa mshindi. Kwenye mechi kubwa za Ligi Kuu ya Uingereza, jumla ya matokeo sahihi huko husogea karibu kabisa na 1.00. Kwa mechi ya aina hiyo, ambayo habari zake ziko wazi kwa dunia nzima, kampuni inayoweka 1.30 haiwezi kusema ni hofu ya kutojua. Hapo inakata kwa sababu inaweza. Kwa mechi ya daraja la pili, ambayo hata vikosi havitangazwi mapema, hofu ni ya kweli, nami naikubali.

Lakini kuna kitu kinanisumbua kuliko vyote katika mjadala huu. Wanaosema matokeo sahihi ni wizi wanayalinganisha na ushindi wa mechi moja, na huku kwetu ni wachache wanaobeti mechi moja. Jumamosi iliyopita kijana mmoja jirani alinionyesha mkeka kwenye simu yake: mechi kumi, zote za ushindi wa kawaida, dau shilingi 1,000. Akaniambia yeye hachezi matokeo sahihi, ni kupigwa mchana kweupe. Sasa kila mechi kwenye mkeka ina yale makato yake ya 1.06, na yanazidishana. Mechi tano zinafika 1.34, na katika shilingi 100 zinarudi 75. Mechi kumi zinafika 1.79, zinarudi 56. Aliyeweka dau lake kwenye 1-1 moja tu, hata kwenye soko la 1.30, amekatwa kidogo kuliko kijana huyu. Pengine kidogo sana, kwani kampuni haigawi makato sawasawa: matokeo ya kawaida kama 1-0 na 1-1 hubeba pungufu ya 1.30, na yale ya nadra kama 5-1 hubeba zaidi, kwa sababu ileile ya beki aliyeumia.

Makato yanakuwa mazito kupita kiasi pale vitu hivi viwili vinapounganishwa. Weka matokeo sahihi matatu kwenye mkeka mmoja, kila moja kwa 1.30, na jumla ni 2.20. Katika shilingi 100 zinarudi 46. Kwenye skrini, mkeka huo ndio unaoonyesha malipo ya mamilioni kwa dau la 1,000. Na kabla hata ya kuanza kujumlisha odi zako, angalia chini kabisa ya orodha kama "matokeo mengine" yapo. Yasipokuwepo, 5-2 ikitokea kila aliyebeti soko hilo amepoteza, na hata ukipata 1.15 makato halisi yamezidi hapo.